Mawimbi ya Redio: Yapi Hunadiwa na Yapi Hushirikiwa

Ardhi ikigombewa, mzee wa baraza akiitwa kuamua huwa na mti wa mpaka wa kuuonyesha kwa kidole. Mawimbi ya redio hayana mti wa mpaka. Hayaonekani wala hayashikiki, na hupita katika kuta za nyumba na juu ya mipaka ya nchi bila ya kubisha hodi. Hata hivyo kila serikali huyagawanya kama shamba: sehemu moja hupewa jeshi, ya pili marubani, ya tatu watangazaji, ya nne kampuni za simu. La ajabu zaidi ni kuwa baadhi ya sehemu hizo huuzwa kwa mabilioni ya fedha, na nyingine zilizo karibu nazo huachwa wazi zitumiwe na yeyote bila ya leseni. Yafaa tujiulize sababu ya tofauti hiyo. Jibu lake limo katika historia, na historia hiyo yaonekana wazi zaidi katika nchi ya Marekani, ambako njia zote mbili zilijaribiwa, na makosa ya kila moja yakadhihirika.

Kwanza tuelewe ugomvi wenyewe. Wimbi la redio ni mtikisiko wa nguvu za umeme na sumaku unaosafiri kwa mwendo wa nuru. Idadi ya mitikisiko katika sekunde moja ndiyo huitwa masafa, na kipimo chake ni hezi. Hezi elfu moja ni kilohezi, na hezi milioni moja ni megahezi. Mashine ya kupokea huweza kuchagua masafa ya kituo kimoja na kuyaacha mengine yote. Basi vituo viwili vyenye masafa mbalimbali havigombani. Wala havigombani vikiwa mbali sana, au kimoja kikisema mchana na kingine usiku. Ugomvi huzuka pale tu vinapokutana katika mambo matatu kwa pamoja: masafa, mahali na wakati. Msomaji ayashike mambo hayo matatu, kwa maana kila sheria tutakayoitaja ni jaribio la kuwatenganisha watu kwa moja kati yake.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 ilimtaka kila mwenye mtambo wa redio apate leseni kwa Waziri wa Biashara, lakini haikumpa waziri uwezo wa kumnyima mtu leseni, wala wa kumlazimisha ashike masafa aliyopewa. Udhaifu huo haukuonekana mpaka utangazaji ulipoenea. Katika mji wa Chicago, kampuni ya Zenith ilikuwa imepewa saa mbili tu kwa juma, kwa sababu njia yake ilikuwa imekabidhiwa pia kituo cha mji wa Denver. Kampuni haikuridhika. Ikahamia masafa mengine, yaliyokuwa yameachiwa nchi ya Kanada kwa mapatano. Serikali ikaishtaki, na mwezi wa Aprili 1926 mahakama ikahukumu kwamba waziri hakuwa na uwezo wa kuizuia.

Habari hiyo ilipoenea, lango likawa wazi. Njia za utangazaji zilikuwa 96 tu, tangu kilohezi 550 hadi 1,500, zikiachana kwa kilohezi 10. Katika muda wa miezi michache vituo vikapita 700. Wengine waliruka njia, wengine waliongeza nguvu za mitambo ili wasikike juu ya jirani zao, na jirani nao wakaongeza zao. Msikilizaji aliyajua mambo haya kwa sikio lake. Vituo viwili vinapopishana kwa hezi 1,000 tu, mawimbi yake hupigana ndani ya mashine ya kupokea na kutoa mluzi wa mitikisiko 1,000 kwa sekunde, unaoendelea bila ya kukoma juu ya hotuba na nyimbo. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mawimbi ya namna hii hurudishwa na tabaka za juu za anga na kutua mbali mamia ya kilometa. Kituo kisichosikika mchana huja usiku kuharibu cha mji mwingine. Kila mtu alikuwa na uhuru wa kusema, lakini hapakuwa na aliyesikika. Mwezi wa Februari 1927 ikatungwa sheria mpya, iliyounda tume yenye uwezo wa kutoa leseni, kuikataa, na kuweka masafa, nguvu na saa za kila kituo.

Sheria hiyo ilinyamazisha mluzi, lakini ilileta swali jipya. Ikiwa njia ni moja na waombaji ni kumi, apewe nani? Leseni zilitolewa bila ya malipo, kwa yule ambaye tume iliamini atawatumikia watu vizuri. Waombaji walifika barazani na mawakili wao, kila mmoja akijisifu, na kesi moja iliweza kuchukua miaka. Mwaka 1951 Leo Herzel, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika kwamba masafa yangepaswa kupewa yule atakayetoa bei kubwa. Mwaka 1959 bwana wa elimu ya uchumi, Ronald Coase, aliikuza hoja hiyo. Alisema kuwa uhaba wa mawimbi si jambo la pekee, kwani ardhi nayo ni haba, na mbao, na kazi ya mikono. Lakini ardhi haigawiwi na tume, bali hununuliwa. Kitu chenye thamani kikitolewa bure, waombaji hawana budi kuzidi. Coase alipoyaeleza haya mbele ya tume mwaka ule, mmoja wa wajumbe alimwuliza kama maneno yake yalikuwa mzaha mkubwa.

Mzaha huo ulingoja zaidi ya miaka 30. Simu za mkononi zilipoanza, tume ilielemewa na waombaji, na katika miaka ya 1980 ikaacha kusikiliza kesi, ikapiga kura ya bahati. Yeyote aliyejaza karatasi alikuwa na nafasi sawa na kampuni iliyojua kujenga minara. Maombi yakafika kwa mamia ya maelfu, na mengi yalitoka kwa watu wasiokusudia kujenga chochote. Mwaka 1989 kikundi kimoja kilichoshinda leseni ya simu ya eneo la Cape Cod kiliiuza mara moja kwa kampuni ya Southwestern Bell kwa dola milioni 41. Hapo kila mtu aliona alichokisema Coase: leseni ilikuwa na bei sokoni tangu mwanzo, ila bei hiyo iliingia mfukoni mwa mwenye bahati badala ya hazina ya umma, na mwenye kujenga minara alichelewa kuipata.

Basi mnada ulikubaliwa. Lakini mnada nao una kanuni zake, na kanuni mbaya huaibisha. Nyuzilandi ilitangulia mwaka 1990. Huko kila mtu alitia bei yake katika bahasha, na mshindi alilipa bei ya yule aliyemfuata. Kanuni hiyo ni nzuri wanaposhindana wengi, lakini washindani walikuwa wachache na hapakuwa na bei ya chini iliyowekwa. Kampuni iliyotoa dola 100,000 za nchi hiyo ililipa dola 6, maana hiyo ndiyo bei ya wa pili. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliomba leseni ya televisheni ya mji mdogo kwa dola moja, na kwa kuwa hapakuwa na mpinzani, hakulipa chochote.

Wamarekani walipofanya mnada wao wa kwanza mwezi wa Julai 1994, waliwaita wataalamu wa uchumi, wakiwemo Paul Milgrom na Robert Wilson, ambao mwaka 2020 walitunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa kazi ya namna hiyo. Mpango wao ulikuwa kuziuza leseni zote kwa pamoja, duru baada ya duru, bei zikionekana na wote. Mfano mdogo, wa kubuni, utatuonyesha faida yake.

Tuseme kuna leseni mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, na kampuni tatu. Kampuni ya kwanza yaona Kaskazini peke yake ina thamani ya milioni 10, na Kusini peke yake milioni 8, lakini zote mbili pamoja milioni 25, kwa sababu minara yake itashikana. Ya pili yataka Kaskazini tu, kwa milioni 14. Ya tatu yataka Kusini tu, kwa milioni 9. Leseni zikiuzwa moja moja, kampuni ya kwanza yaogopa: ikilipa zaidi ya milioni 14 kupata Kaskazini, halafu ikashindwa Kusini, itabaki na kitu chenye thamani ya milioni 10 tu. Huenda ikakata tamaa, na nchi ikakosa mtandao ulio bora. Zikiuzwa kwa pamoja, yaziona bei zote mbili zikipanda. Kaskazini inapopita 14 na Kusini inapopita 9, wapinzani huacha, nayo hulipa zaidi kidogo ya milioni 23 kwa vitu vyenye thamani ya 25 kwake. Hofu haikuondoka kabisa, lakini imepungua. Iliwekwa pia sharti kwamba anayekaa kimya katika duru hupoteza haki ya kuendelea, ili mtu asijifiche mpaka mwisho. Mnada huo wa kwanza, wa leseni 10 tu, ulichukua siku tano na kuleta zaidi ya dola milioni 600.

Tusidhani kuwa fedha nyingi ni dalili ya mnada mwema. Mwaka 1996 tume ilitenga leseni kwa ajili ya kampuni ndogo, ikawaruhusu washindi kutanguliza sehemu moja katika kumi na kulipa iliyobaki kwa miaka. Anayekopeshwa hivyo hutaja bei bila ya hofu. Kampuni ya NextWave iliahidi dola bilioni 4.7, na mwaka 1998 ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Tume ilizifuta leseni zake na kuzinadi upya, lakini mwezi wa Januari 2003 Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua kwamba haikuwa na haki ya kuzifuta. Kwa miaka kama saba mawimbi yale, katika miji mikubwa, yalikaa kama shamba lililouzwa lisilolimwa. Basi kazi ya mnada ni kumpata atakayeyatumia vyema zaidi, na bei ni kipimo cha haja yake. Pale mtu anapotaja bei asiyolazimika kuilipa, kipimo huwa kibovu.

Sasa tugeukie njia ya pili, ambayo asili yake haikuwa katika mazungumzo kabisa. Kuna mashine zinazotumia nguvu za redio kwa kupasha moto, wala hazina neno la kumwambia mtu. Viwanda huunganisha karatasi za plastiki na kukausha gundi ya mbao kwa mawimbi ya megahezi 27.12. Waganga nao walikuwa na mashine za kupasha moto misuli ya wagonjwa, na mashine hizo zilipiga kelele zilizosikika mbali katika redio. Baada ya Vita Kuu ya Pili lilikuja jiko la maikrowevu, lililotoka katika ufundi wa rada. Jiko la kwanza la kampuni ya Raytheon, la mwaka 1947, lilikuwa refu kama mtu na zito kupita kilo 300. Mashine kama hizi hazikuweza kupigwa marufuku, wala hazikuweza kufundishwa adabu. Kwa hiyo mataifa yaliyokutana Atlantic City mwaka 1947 yalizitengea vipande vyao vya masafa, na kimojawapo kilizunguka megahezi 2,450.

Wengi husema kuwa masafa hayo yalichaguliwa kwa sababu ndiyo hasa yanayotikisa maji. Sivyo. Maji hupata moto kwa masafa mengi, na hunywa mawimbi kwa wingi zaidi katika masafa yaliyo juu mno ya hayo. Lakini hapo moto ungeishia juu ya chakula bila ya kufika ndani. Megahezi 2,450 ilikuwa mapatano tu. Sharti la vipande hivyo lilikuwa fupi: atakayetaka kuzungumza humo avumilie kelele za mashine. Ilikuwa kama kumwambia mtu ajenge nyumba kando ya kinu na asilalamike. Kwa miaka karibu 40 vikaitwa takataka.

Mhandisi mmoja wa tume hiyo ya Marekani, Michael Marcus, aliona kwamba kuna ufundi wa kijeshi unaovumilia kelele. Ufundi huo huyatandaza maneno juu ya masafa mapana, au huyarusha toka masafa haya hadi yale haraka haraka, hata kelele ya mahali pamoja iharibu sehemu ndogo tu ya ujumbe. Tarehe 9 Mei 1985 tume iliruhusu vyombo vya namna hiyo, vyenye nguvu isiyozidi wati moja, vitumie vipande vitatu vya viwanda bila ya leseni. Masharti yalikuwa mawili: chombo kisimdhuru mwenye leseni, na kivumilie madhara yote kinayoyapata. Mwaka 1997 wahandisi walikubaliana kanuni moja ya kuunganisha kompyuta kwa njia hiyo, na mwaka 1999 ikaanza kujulikana kwa jina la Wi-Fi.

Je, kwa nini mambo ya mwaka 1926 hayakurudi? Sababu ya kwanza ni nguvu ndogo. Ruta ya nyumbani hutoa kama sehemu moja ya kumi ya wati, na kituo kikubwa cha utangazaji hutoa wati 50,000. Umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo, na ukuta huipunguza tena. Basi nyumba ya Thika na nyumba ya Machakos huweza kutumia masafa yale yale saa ile ile, kwa kuwa mahali pamewatenganisha bila ya tume yoyote. Sababu ya pili ni adabu iliyotiwa ndani ya chombo. Ruta husikiliza kabla ya kusema. Ikisikia mwingine anasema, hungoja. Akinyamaza, hungoja tena kitambo kidogo cha kubahatisha, ili wawili waliokuwa wakisubiri wasianze pamoja. Ujumbe usipojibiwa, huurudia, na safari hii huongeza muda wa kubahatisha. Wakati, basi, ndio uliowatenganisha majirani. Vyombo vya Bluetooth hutumia njia nyingine: huruka mara 1,600 kwa sekunde katika vijia 79.

Jiko lenyewe halina adabu hiyo, nalo latufundisha jinsi ya kuchunguza tatizo. Tuseme mwanafunzi anasoma kwa kompyuta karibu na jiko la maikrowevu, na kila chakula kinapopashwa moto picha zinakwama. Kwanza na aangalie kama shida huanza na kukoma pamoja na jiko. Ikiwa ndivyo, sababu imepatikana. Mtandao hupungua kasi, lakini mara nyingi haukatiki kabisa. Hapa kwetu umeme hugeuka mara 50 kwa sekunde, na majiko mengi ya kawaida hutoa mawimbi katika nusu ya kila mzunguko tu. Kwa hiyo kuna sehemu moja ya mia ya sekunde ya kelele, kisha nyingine kama hiyo ya kimya, na ujumbe mfupi hupenya katika kimya hicho. Dawa ni kuisogeza kompyuta karibu na ruta, au kuhamia masafa ya megahezi 5,000 na zaidi, ambako jiko halifiki. Lililo marufuku ni kumshtaki mwenye jiko. Jiko ndilo mwenyeji, na Wi-Fi ndiyo mgeni.

Kushiriki nako kuna mpaka. Katika kipande cha megahezi 2,400 namba za njia huachana kwa megahezi 5, lakini mazungumzo ya ruta huchukua kama megahezi 20. Kwa hiyo njia zisizolaliana ni tatu tu, kwa kawaida ya 1, ya 6 na ya 11. Katika jumba lenye nyumba 40, ruta nyingi hulazimika kusikilizana, na muda mwingi hupotea katika kungojea zamu. Dalili yake ni hii: alama ya mawimbi imejaa, na hata hivyo kurasa zinafunguka polepole, hasa jioni wote wanaporudi nyumbani. Hapo hakuna wa kudai fidia. Kampuni ya simu haiwezi kujenga minara kwa gharama kubwa juu ya ahadi dhaifu kama hiyo, na ndiyo maana hununua leseni. Inachokinunua ni haki ya kumnyamazisha mwingine.

Kwa hiyo tofauti tuliyoanza nayo haitokani na ukarimu wa serikali mahali pamoja na uchoyo wake mahali pengine. Yatokana na umbali ambao wimbi moja huweza kumdhuru mtu wa pili. Wimbi linapovuka wilaya nzima, mmoja akilitumia wengine wote hulikosa, na hapana budi achaguliwe mmoja. Mnada ukipangwa vizuri humchagua kwa haki zaidi kuliko mawakili au bahati. Wimbi linapofia ukutani, kumchagua mmoja ni kuwanyima maelfu bila ya sababu. Serikali huanza kuchanganya njia hizo. Mwaka 2015 tume ya Marekani ilifungua megahezi 150 zilizokuwa za rada za manowari: rada hubaki wa kwanza, walionunua leseni katika mnada wa mwaka 2020 hufuata, na wengine wote hutumia bure nafasi inayosalia, wakiongozwa na daftari la kompyuta linalowaambia ni wapi na ni lini masafa yako wazi. Mti wa mpaka uliokosekana sasa umeandikwa katika daftari hilo, na huweza kung'olewa na kupandwa upya mara nyingi kwa siku moja.